Ubeti ni hatua: vile shairi linavyojenga hoja kipande kwa kipande

Kuna mashairi mengi sana yanazunguka kwenye magrupu ya wasap huku Lamu, na ukiyahesabu mizani hayana kosa, nane kwa nane, vina vimekaa sawa, kibwagizo kipo, lakini ukimaliza kusoma ubeti wa saba unajiuliza hivi huyu mtu alisema nini ambacho hakukisema ubeti wa kwanza? Arudhi zote kazitimiza na shairi halijatoka pale lilipoanzia. Shida mara nyingi iko kwenye lile pengo baina ya ubeti na ubeti. Watu wanalichukulia ni mahali pa kupumua tu, kumbe pale ndipo hoja inapopiga hatua, au inapokwama.

Hebu tuanze na shairi lililokwama. Hili nimelitunga makusudi liwe kama yale tuyajuayo:

Elimu ni kitu bora, ndugu zangu nawambia,
Itakutoa ukora, na njia kukunyoshea,
Usikae kuzurura, soma upate tulia,
Someni enyi vijana, elimu ni taa njema.

Elimu ni kama taa, gizani humulikia,
Mjinga atashangaa, wenzake wakitulia,
Kitabu ukikitwaa, njia itakunyokea,
Someni enyi vijana, elimu ni taa njema.

Sasa chukua ubeti wa pili uuweke mbele, wa kwanza uuweke nyuma. Imeharibika nini? Hakuna. Futa mmoja kabisa. Imepotea nini? Hakuna pia, manake zote mbili zinasema soma utafaidika, na njia iliyonyoshwa kwenye ubeti wa kwanza imenyoka tena kwenye wa pili. Ukiongeza beti kumi za namna hii utapata shairi refu lenye hoja moja fupi. Na angalia kibwagizo chake, kimeshatoa hukumu mapema kwamba elimu ni taa njema, kwa hiyo kila ubeti ukifika mwisho unarudishwa pale pale kwenye jibu ambalo tayari tulikuwa nalo.

Wengi wanakwama kwa sababu ya sharti moja la arudhi ambalo wamelielewa nusu. Wazee wa utungaji wanasisitiza utoshelezi, yaani ubeti ujitosheleze, maana yake ikamilike ndani yake bila kumwagikia ubeti ufuatao. Ni sharti zuri na lina sababu. Mashairi yetu yalikuwa ya kuimbwa na kughaniwa kabla ya kuwa ya kusomwa kwa macho, na mghani akimaliza ubeti huvuta pumzi, wasikizaji wakaguna au wakaitikia, kwa hiyo sentensi iliyokatika katikati ingepotea hewani. Hata kwenye miswada ya zamani ya herufi za Kiarabu utakuta mara nyingi ubeti wa utendi umeandikwa mstari mmoja, vipande vinne ubavu kwa ubavu, hakuna nafasi nyeupe kama tunayoacha sisi leo. Mwisho wa ubeti ulijulikana kwa sikio, kwa kile kina kinachorudi.

Sasa mtu akisikia ubeti ujitosheleze anadhani kila ubeti uwe shairi dogo kamili lenye dai lake na hitimisho lake, kisha anatunga mashairi madogo saba akayapanga foleni. Hapana. Kinachotakiwa kufungwa ni sentensi, sio suala. Ubeti mzuri unamaliza maneno yake lakini unamwacha msikizaji na swali mdomoni, na ubeti unaofuata unalidaka lile swali. Kwa hiyo ubeti unaweza kusimama peke yake ukaeleweka, na bado ukawa unahitaji mwenzake. Hayo mawili hayapingani kabisa, ila lazima uyashike yote kwa pamoja, na hapo ndo pana kazi.

Tuchukue mfano unaotembea. Mada ya hapa hapa mjini: nyumba ya urithi, ya mawe na boriti, imechakaa, ndugu wamepata mnunuzi, na mmoja wao hataki. Hilo jambo kila mtaa wa Lamu unalijua, kutoka Mkomani mpaka Shela. Huyu asiyetaka ndiye msemaji wa shairi.

(1)
Ndugu tumeitwa ndani, mnunuzi amekuja,
Amekaa barazani, pesa ameshazitaja,
Sahihi zenu zi chini, imebaki yangu moja,
Nyumba haina ulimi, nani ataisemea?

(2)
Boriti zimekatika, msemayo ni ya kweli,
Chokaa yaporomoka, tunalala na mwavuli,
Na deni limetushika, kila mtu ana hali,
Nyumba haina ulimi, nani ataisemea?

(3)
Fedha tukizigawanya, mafungu yatoka saba,
Moja mashua kuponya, jingine deni kuziba,
Kusi mvua ikinya, kilobaki kitu haba,
Nyumba haina ulimi, nani ataisemea?

(4)
Kesho hapa tukipita, tutabisha kwenye lango,
Na jina tutalikuta, geni juu ya mlango,
Watoto wakitufwata, tuwaambie uongo,
Nyumba haina ulimi, nani ataisemea?

(5)
Juu tutaikodisha, chini tuishi na mama,
Kodi itatuezesha, kutia boriti nzima,
Kalamu nairudisha, na neno langu nasema,
Nyumba haina ulimi, nani ataisemea?

Ni tarbia ya kawaida, mishororo minne, mizani kumi na sita, ukwapi na utao. Tulifuate taratibu.

Ubeti wa kwanza haujatetea kitu. Unaweka mambo mezani tu: nani yuko, wapi, anataka nini, na kimekwamia wapi. Kimekwamia kwenye sahihi moja. Mshororo wa tatu ndio wenye kazi hapa, manake ndani yake mna mvutano wote, hao wengine wameshamaliza na huyu bado. Sentensi imefungwa vizuri, huhitaji ubeti wa pili kuielewa, lakini huwezi kuacha kuuliza, kwa nini hujatia?

Na ubeti wa pili haujibu! Badala ya kutoa sababu zake, msemaji anawakubalia ndugu zake yote waliyosema. Boriti ni kweli zimekatika, chokaa ni kweli yaporomoka, deni lipo. Mtungaji mchanga angeruka hapa moja kwa moja akaanza kulia habari za mababu, na ndugu zake wangemkatiza kwa neno moja tu: wewe huoni nyumba yavuja? Huyu kaisema mwenyewe kabla hawajaisema, tena kaisema kwa dhihaka ya kulala na mwavuli, kwa hiyo silaha yao imeshatumika kwa mkono wake. Hii hatua ya kukubali ina mahali pake. Jaribu kuihamishia baada ya ubeti wa nne uone. Mtu ameshasema habari za lango na jina geni, kisha anasema lakini kweli boriti zimekatika, hapo anasikika kama anarudi nyuma, kama ameshindwa. Maneno ni yale yale, mizani ile ile, ila mahali pameyageuza kutoka ushupavu kuwa unyonge.

Ubeti wa tatu unachukua sababu yao ile ile ya pesa na kuifanyia hesabu. Hasemi pesa ni mbaya. Anasema tugawanye tuone: mafungu saba, moja limekwenda kwa mashua, jingine limeziba deni, na kabla masika hayajaisha kilichobaki ni kidogo. Angalia kwamba ubeti huu usingekuwa na nguvu bila ule wa pili, kwa sababu deni limeletwa kule, hapa linalipwa. Hiyo ni alama moja ya kutambua hatua ya kweli, kitu kilichotajwa ubeti wa nyuma kinatumika ubeti wa mbele, hakitajwi tena tu.

Ubeti wa nne unahama kutoka mfukoni kwenda kwenye hadhi. Tutabisha hodi kwenye lango letu wenyewe, na watoto wakiuliza tutawadanganya. Sasa hapa niseme kitu kuhusu mpangilio, manake msomaji makini atasema wa tatu na wa nne mbona zinaweza kubadilishana. Ndiyo, zinaweza, shairi halitavunjika. Lakini litabadilika uzito. Ukianza na hadhi kisha pesa, hoja inashuka kutoka moyoni kwenda mfukoni na kuingia kwenye kodi ya ubeti wa tano, inakuwa shairi la mhasibu. Ukianza na pesa, hoja inapanda. Mimi nimeiweka pesa mbele kwa sababu mtu mwenye deni hasikii habari za heshima mpaka umjibu kwanza habari za deni. Mwingine anaweza kunipinga na akawa na haki yake, lakini atanipinga kwa sababu, sio kwa kubahatisha, na hilo ndilo ninalotaka.

Ubeti wa tano unaleta njia ya kutokea: ghorofa ya juu ikodishwe, chini abaki mama, kodi inunue boriti. Na kalamu iliyokuwa inangojwa tangu ubeti wa kwanza inarudishwa bila kuandika.

Sasa pale kwenye mapengo manne baina ya hizi beti kuna maneno ambayo hayakuandikwa lakini yanasikika. Baina ya kwanza na pili kuna "ni kweli". Baina ya pili na tatu kuna "lakini hebu tuhesabu". Baina ya tatu na nne kuna "tena sio pesa tu". Baina ya nne na tano kuna "basi tufanyeje". Ukitaka kulipima shairi lako mwenyewe fanya hivyo, chukua kalamu na kwenye kila pengo andika neno la kuunganisha: basi, lakini, kwa sababu, kwa mfano, ijapokuwa. Kama kila pengo linakubali "na pia" na halikubali neno jingine lolote, ujue umepanga orodha, hujajenga hoja. Lile shairi la elimu pengo lake linasema "na pia" na ukilitesa sana litasema "narudia".

Hapa nikumbushe, orodha sio dhambi. Kuna mashairi ya sifa, ya dua, ya wasia, ambayo kazi yake ni kuhesabu vitu, na hakuna haja kila ubeti ubishane na mwenzake. Kosa ni kuwa na orodha ukidhani una hoja.

Turudi kwa kibwagizo, manake kina gharama ambayo watu hawaihesabu. Shairi la beti tano lina mishororo ishirini. Kibwagizo kikirudi kila ubeti, mitano kati ya hiyo ishirini ni mmoja tu unaojirudia, kwa hiyo kila hatua umebakiwa na mishororo mitatu, mizani arobaini na nane, kuisema ikaisha. Ni nafasi ndogo. Kwa hivyo kibwagizo lazima kilipe kodi yake. Kinailipa kikiwa wazi kiasi cha kupokea maana mpya kila kinaporudi. "Nani ataisemea" kwenye ubeti wa kwanza ni swali la kweli, wenye sauti wote wameshatia sahihi. Wa pili ni kama kejeli, kila mtu ana hali yake ya kuisemea na nyumba yenyewe haina. Wa tatu inauliza baada ya pesa kwisha nani atakumbuka. Wa nne, baada ya watoto kudanganywa, imekuwa lawama. Wa tano jibu limeshatolewa mshororo mmoja juu yake, "na neno langu nasema", kwa hiyo swali linasikika kama la mtu anayewatazama wenzake usoni.

Kibwagizo cha kuhukumu hakiwezi kufanya hivyo. "Elimu ni taa njema" itabaki taa njema mpaka ubeti wa ishirini. Kama hoja yako inahitaji kila hatua iwe na hitimisho lake, bora uache kibwagizo kabisa utunge sabilia, kila ubeti uwe na kituo chake, upate mishororo minne kamili ya kufanyia kazi. Watu wanaogopa sabilia wakidhani ni kukosa ufundi, na mimi naona ni kinyume, manake bila kibwagizo huna pa kujificha, ubeti ukiwa mtupu unaonekana mtupu.

Kuna jambo la vina pia. Nimebadilisha vina kila ubeti kwa makusudi, yaani ukaraguni, ili sikio lijue tumeingia chumba kingine. Ukitunga mtiririko, vina vya kati vile vile na vya mwisho vile vile kutoka juu mpaka chini, unapata utamu mmoja mrefu unaoelea, na hatua zako inabidi zionekane kwa maana tupu kwa sababu sauti haitakusaidia kuzitenganisha. Inawezekana, mafundi wanaweza, lakini anayeanza akishika mtiririko wa "-a" na "-a" beti zake zinayeyuka zikawa kitu kimoja. Na pindu nayo, ile ya kuchukua maneno ya mwisho ya ubeti ukaanzia nayo ubeti ufuatao, inahadaa sana. Inaunganisha kwa sauti, inapendeza masikioni, lakini ndoano ya sauti sio ndoano ya hoja. Mtu anaweza kutunga pindu nzima ambayo kila ubeti umeshikana na mwenzake kwa maneno na hakuna hata mmoja unaomhitaji mwenzake kwa maana.

Kwenye utendi hesabu inabadilika. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani nane, yaani mizani thelathini na mbili, nusu kamili ya ubeti wa shairi wenye sitini na nne. Huwezi kuutaka ubebe dai na ushahidi na jibu vyote. Kwa hiyo kwenye utendi hatua moja ya hoja huchukua fungu la beti, mbili, tano, hata kumi, na mtungaji anakuonyesha fungu linaanza wapi kwa ishara. Mfano mzuri tunao nyumbani, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, kwenye utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858. Ni zaidi ya beti 100 lakini hupotei, manake anahesabu. La kwanza dini, la pili adabu, anaendelea hivyo. Halafu anafika hapa:

Mama pulika maneno,
kiumbe ni radhi tano,
ndipo apate usono
wa akhera na dunia.

Nda Mngu na Mtumewe,
baba na mama wayuwe,
na ya tano nda mumewe,
mno imekaririwa.

Ubeti wa kwanza umekamilika kisarufi, unasema kiumbe ana radhi tano za kutafuta ili apate raha, nukta. Lakini ukishatajiwa tano huwezi kutulia mpaka uzisikie. Ubeti wa pili unazitaja, na hata hapo haendi sawa kwa sawa: nne zimebanwa kwenye vipande viwili, ya tano imepewa kipande chake peke yake na kingine cha kuikazia kwamba imekaririwa mno. Kwa nini? Kwa sababu beti zinazofuata zinahusu mume, kwa urefu. Ile ya tano ndiyo mlango wa sehemu nzima ijayo. Ukubali au usikubali anachousia, na leo wengi wana maneno juu ya hilo, ufundi wa kupanga ni wa juu sana. Na kumbuka kina cha mwisho cha utendi hakibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho, "-a" mpaka kufunga, kwa hiyo hakuweza kutumia vina kuonyesha kwamba sehemu mpya inaanza, ilibidi atumie hesabu na mwito, "Mama pulika", na kila ukisikia mwito kama huo jua kuna hatua inaanza.

Kwa mashairi huru nitasema kidogo tu. Huko hakuna mizani wala kina cha kukuambia ubeti umekwisha, kwa hiyo pengo linabeba mzigo wote peke yake. Ukikata mahali pasipo na sababu hakuna cha kukufichia.

Kipimo kikali kuliko vyote bado ni kujibizana. Pwani hii washairi wamekuwa wakijibizana miaka na miaka, mtu anatunga na mwenzake anamjibu kwa vina vile vile, na kumjibu mtu ubeti kwa ubeti kunahitaji kila ubeti uwe na dai la kujibiwa. Lile la elimu ulijibu vipi? Utasema "sikubali elimu ni bora"? Hakuna pa kushika. Lakini hili la nyumba ndugu aliyetia sahihi anaweza kuushika ubeti wa tatu, vina vyake vile vile vya "-nya" na "-ba":

Hesabu uliyofanya, mbona umeficha riba?
Kila mwezi ukipenya, deni linazidi shiba,
Na paa likitubinya, kodi itatupa tiba?

Huyu amepiga mahali. Amejibu ubeti wa tatu lakini mshororo wake wa mwisho umeruka mpaka wa tano: wasema ukodishe juu upate pesa ya boriti, nani atapanga kwenye nyumba ambayo boriti zimekatika na watu walala na mwavuli? Ukirudi kwenye shairi utaona kweli, baina ya wa nne na wa tano kuna ngazi imekosekana. Tumetoka "watoto watatuuliza" tukatua "juu tutaikodisha", na ubeti wa pili wenyewe unaukana wa tano. Hili kosa huwezi kuliona kwa kuhesabu mizani, na kwa kusoma ubeti mmoja mmoja vile vile hulioni, manake kila mmoja uko sawa peke yake. Linaonekana kwenye pengo tu. Dawa yake ni ubeti wa katikati:

Tusianze nyumba yote, chumba kimoja twaweza,
Boriti chache tulete, mpangaji kumlaza,
Kodi yake tuikate, cha pili kutengeneza,
Nyumba haina ulimi, nani ataisemea?

Sasa wa tano unakuwa wa sita na una pa kukanyaga. Mpangaji wa kwanza analipia chumba cha pili, wa pili analipia cha tatu, na boriti zinatiwa kidogo kidogo mpaka juu yote inakodishika. Riba bado haijajibiwa, hiyo ni kweli, na ndugu yake akitaka anayo nafasi ya kurudi.

Limebaki suala moja ambalo watunzi wawili wazuri hawatakubaliana. Ubeti wa mwisho, je, kibwagizo kibaki swali au kigeuzwe kuwa jibu, "Nyumba haina ulimi, mimi nitaisemea"? Mizani inakubali bila kugusa kitu kingine. Anayetaka kugeuza atasema hoja imefika, ifungwe, na wasikizaji waliozoea kuitikia "nani ataisemea" watashtuka wakisikia "mimi". Ni hila nzuri, na kwenye kughani mbele za watu inafanya kazi sana. Mimi kwenye karatasi nisingegeuza. Msemaji ameshasema neno lake mshororo uliotangulia, akisema tena "mimi" anakuwa amerudia, na swali likibaki swali linawaelekea wale ndugu sita walioketi pale, ambao sahihi zao bado ziko kwenye karatasi.